Siku ya 21 si ya kila mwanamke: jinsi PCOS inavyozuia yai kutoka, na jinsi ya kuichunguza pale mimba inapochelewa

Karatasi ya maabara ilikuwa imekunjwa mara nne na kuwekwa nyuma ya kava la simu. Ilisema projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, siku ya 21 ya mzunguko, 0.6 ng/mL. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa peni maneno mawili: "hatoi mayai." Dada mwenye karatasi ana miaka 28, anashona nguo Nkuhungu hapa Dodoma, ameolewa miaka miwili na nusu na hajawahi kushika mimba. Tangu apewe karatasi ile alikuwa amekunywa dawa za kusafisha kizazi mara mbili, na mama mkwe alikuwa ameanza kuuliza maswali yale yasiyo na jibu zuri.

"Nesi, mimi sina mayai," aliniambia kabla hata hajakaa.

Mayai alikuwa nayo, tena mengi. Kilichokuwa na kasoro ni safari ya yai kutoka kwenye ovari. Ile karatasi, hata kama ilibahatisha ukweli, haikuwa ushahidi wa chochote, kwa sababu kipimo kilichukuliwa siku isiyo yake. Kosa hili naliona mara nyingi kliniki kuliko kosa lingine lolote la uzazi, kwa hiyo nitaeleza kwanza jinsi PCOS, hali ya homoni inayoyafanya mayai yakwame ndani ya ovari, inavyovuruga utokaji wa yai, kisha hatua za uchunguzi kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi, nikiwa na kalenda ya dada huyu mkononi.

Yai linakwama wapi

Mwanzoni mwa kila mzunguko, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa homoni iitwayo FSH. Homoni hii huviamsha vifuko kadhaa ndani ya ovari, kila kifuko kikiwa na yai lake, na vyote huanza kukua pamoja. Vikikaribia milimita 10, kimoja huwatangulia wenzake. Hicho hutoa estrojeni nyingi, FSH inapungua, na vile vingine vinanyauka kwa kukosa chakula. Kiongozi hufika milimita 18 hadi 24 hivi, homoni nyingine iitwayo LH inapanda ghafla, kifuko kinapasuka na yai linatoka.

Kifuko kilichopasuka hakifi hapo hapo. Kinageuka kuwa tezi ndogo ya njano inayotoa projesteroni, nayo huishi siku 12 hadi 14 hivi. Ikifa, projesteroni inashuka na hedhi inakuja. Shika jambo moja hapa, maana hesabu yote ya mbele inalitegemea: nusu hii ya pili haitofautiani sana kati ya mwanamke na mwanamke. Mzunguko ukiwa mrefu, kinachorefuka ni nusu ya kwanza, yaani muda wa kumsubiri kiongozi.

Kwa mwenye PCOS, ubongo unatuma ishara zake kwa kasi ya kupita kiasi, na kasi hiyo inaipendelea LH kuliko FSH. LH ikizidi, inazisukuma seli zinazozunguka vifuko kutengeneza homoni za kiume, hasa testosteroni. Kwa wanawake wengi wenye hali hii insulini nayo iko juu, kwa sababu mwili hauitikii vizuri na kongosho linaongeza bidii. Insulini hiyo inaichochea ovari kuongeza testosteroni, na wakati huohuo inalifanya ini lipunguze protini inayoibeba testosteroni kwenye damu. Basi testosteroni inayozunguka huru inaongezeka kwa njia mbili.

Ndani ya ovari, vifuko vingi vinaanza kukua halafu vinasimama vikiwa na milimita 2 hadi 9. Vifuko hivyo vidogo vinatoa homoni nyingine, AMH, ambayo ikiwa nyingi inavifanya visiisikie FSH vizuri. Hakuna anayetangulia. Hakuna kiongozi, hakuna kupasuka, hakuna yai kutoka, na kwa hiyo hakuna tezi ya njano wala projesteroni. Ukuta wa ndani wa kizazi unalishwa estrojeni peke yake, unanenepa, na mwisho unashindwa kujishikilia na kumomonyoka vipande vipande. Mwanamke anaona damu baada ya siku 40, 60 au 90, anasema siku zake zimekuja. Damu ni kweli imekuja, lakini haithibitishi kwamba yai lilitoka.

Tatizo jingine ni jina lenyewe. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake saba wenye ovari kubwa zilizojaa vifuko, na tangu hapo ugonjwa ukaitwa kwa vifuko vyake. Huku kwetu ikatafsiriwa "uvimbe maji kwenye mayai", na mtu akisikia uvimbe anafikiria kisu. Vile si uvimbe wa kutolewa wala maji ya kunyonywa. Ni vifuko vya kawaida vya mayai vilivyokwama njiani.

Hatua ya kwanza: kalenda, kabla ya maabara

Mwanamke chini ya miaka 35 husubiri mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kinga kabla ya kuanza uchunguzi, na wa miaka 35 au zaidi husubiri miezi sita. Lakini kama mzunguko hauna mpangilio usisubiri hata mwezi. Kalenda yenyewe imeshasema kuna jambo.

Andika siku ya kwanza ya damu ya kweli, si ya matone, kila mwezi. Kisha hesabu siku kutoka siku ya kwanza mpaka siku ya kwanza inayofuata. Watu wengi huhesabu kuanzia damu inapokatika, na hapo hesabu yote inapinda. Kwa mtu mzima, mzunguko ulio chini ya siku 21 au zaidi ya siku 35, au hedhi chini ya nane kwa mwaka, unatosha kusema yai halitoki ipasavyo. Kwa binti aliye ndani ya miaka mitatu tangu avunje ungo viwango ni vilegevu zaidi, na haraka ya kumbandika jina la ugonjwa haina faida.

Dada wa Nkuhungu alikuwa na tarehe zake kwenye simu: 4 Januari, 19 Februari, 14 Aprili, 25 Mei, na baadaye tukaongeza 20 Julai. Tukahesabu pamoja: siku 46, 54, 41 na 56. Wastani ni siku 49, sawa na hedhi saba hivi kwa mwaka. Kufikia hapo tulikuwa tumepata nusu ya jibu bila kutoa hata shilingi.

Sasa tazama karatasi yake. Kipimo cha "siku ya 21" kilichukuliwa tarehe 4 Mei, kwenye mzunguko ulioanza 14 Aprili. Siku zilizofuata zilikuja 25 Mei. Kama yai lilitoka katika mzunguko ule, lingetoka siku 14 hivi kabla ya 25 Mei, yaani karibu tarehe 11. Tarehe 4 projesteroni isingeweza kuwa juu kwa mwanamke yeyote mwenye mzunguko wa urefu huo, awe mzima au mgonjwa. Ni kama kwenda shambani kutafuta mahindi mabichi kabla mvua haijanyesha, halafu urudi na habari kwamba ardhi ni tasa.

Hatua ya pili: mimba, na sindano ya mwisho

Kabla ya kipimo kingine chochote, pima mimba. Mwenye PCOS hutoa yai mara mojamoja bila kutarajia, na mtu ambaye hajaona siku zake miezi miwili anaweza kuwa na mimba ya wiki sita huku akitafuta sababu ya kutoshika mimba. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda.

Kisha uliza kuhusu uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha yai kwa muda mrefu baada ya kuachwa. Kwa walioitumia, muda wa katikati wa kushika mimba ni kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho, na wengine huenda zaidi ya hapo. Mwanamke aliyeacha sindano miezi minne iliyopita na haoni siku zake hana dalili ya PCOS bado. Ana dalili ya sindano. Vidonge na kijiti havina ucheleweshaji wa aina hiyo, ila vinabadilisha vipimo vya homoni za kiume, kwa hiyo testosteroni hupimwa baada ya kuviacha kwa miezi mitatu hivi. Dada yetu hakuwahi kutumia chochote.

Hatua ya tatu: kuangalia mwili kwa macho

Hapa wahudumu tunakimbia sana. Nywele za kidevu, juu ya mdomo, kifuani na chini ya kitovu ndizo dalili ya nje ya homoni za kiume kuzidi, lakini mwanamke anayezinyoa kila Jumamosi hataziona kama dalili, na wewe hutaziona kabisa. Uliza hivi: "Huwa unanyoa au unang'oa sehemu gani?" Ukiuliza "una ndevu?" utajibiwa hapana. Dada yetu alinyamaza kidogo, kisha akasema ana kibano kwenye pochi.

Angalia pia chunusi nzito ambazo hazikuisha na ujana, na shingo ya nyuma na kwapa. Ngozi nyeusi, nene, kama mahameli, ambayo watu huisugua wakidhani ni uchafu, ni alama ya insulini kuwa juu. Gusa koo kutafuta rovu. Uliza kama maziwa yanatoka kwenye matiti bila kunyonyesha. Pima uzito, urefu na presha.

Usimwondoe mtu kwenye orodha kwa sababu ni mwembamba. Dada huyu ana uzito wa kawaida kabisa, na hiyo ndiyo sababu mmojawapo wahudumu wa kwanza hawakuiwaza PCOS. Kwa upande mwingine, sauti ikinenepa na ndevu zikaota ndani ya miezi michache tu, hiyo si tabia ya PCOS, ambayo huja polepole tangu ujana. Huyo apelekwe haraka kwa daktari bingwa atafutiwe uvimbe unaotoa homoni.

Hatua ya nne: damu, na nini kinaulizwa kwa kila chupa

PCOS huthibitishwa kwa kupata mambo mawili kati ya matatu: yai kutotoka ipasavyo, homoni za kiume kuzidi mwilini au kwenye damu, na ovari zenye sura ya PCOS kwenye altrasaundi au AMH ya juu. Utaratibu huu ulikubaliwa na wataalamu Rotterdam mwaka 2003, na mwongozo wa kimataifa wa 2023 umeuendeleza. Mambo mawili ya kwanza yakiwepo kwa mtu mzima, altrasaundi haihitajiki ili kutaja jina la ugonjwa. Sharti ni kwamba magonjwa mengine yanayofanana yawe yameondolewa, na hapo ndipo pesa ya maabara inapofaa kwenda.

TSH inatafuta tezi ya shingo iliyolala au iliyochangamka kupita kiasi. Prolaktini inatafuta homoni ya maziwa, ambayo ikipanda huizima FSH. Kipimo hiki hupotoshwa na mambo madogo: baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili huipandisha, hata kushikwa matiti au hofu ya sindano vinaweza kuipandisha kidogo. Ikiwa juu kidogo, rudia ukiwa umetulia kabla ya kuogopa. FSH inasaidia kutenganisha pande mbili: ikiwa juu sana, ovari zimechoka mapema, ikiwa chini kwa mwanamke aliyekonda sana, mwenye njaa au mawazo mazito, huenda ubongo ndio umezima mitambo. Testosteroni hupimwa hasa kwa yule asiye na nywele wala chunusi za kuonyesha. Pale ambapo kipimo cha homoni ya 17-OHP kinapatikana, daktari hukiongeza, kichukuliwe asubuhi, kutafuta ugonjwa wa kurithi wa tezi zilizo juu ya figo ambao unaiga PCOS karibu kila kitu.

Kwa dada yetu, TSH ilikuwa 2.1, prolaktini 14 ng/mL, FSH ya kawaida, na testosteroni juu kidogo ya kikomo cha maabara.

Na projesteroni? Kwa mwenye mzunguko wa siku 49, ukweli ni kwamba huihitaji. Kalenda imeshajibu. Nimeona wanawake wakipanda basi kutoka Mpwapwa na Kondoa, wanalala kwa ndugu, wanatoa damu "siku ya 21", wanarudi na namba isiyosema kitu. Ile nauli ingelipia TSH. Projesteroni ina kazi kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa kawaida au umerefuka kidogo tu, na hesabu yake inaanzia mwisho: chukua siku unayotarajia hedhi, toa saba. Mzunguko wa siku 28 unakupa siku ya 21, na hapo ndipo ile namba maarufu ilipozaliwa. Mzunguko wa siku 35 unakupa siku ya 28.

Ikibidi kuipima kwa mzunguko usiotabirika, hurudiwa kila wiki mpaka damu ije, kisha hutazamwa ile iliyoangukia karibu wiki moja kabla ya damu. Dada yetu alitaka kufanya hivyo. Ile karatasi ilikuwa imemkaa kooni, na sikumzuia. Katika mzunguko ulioanza 25 Mei alipima siku ya 28, 35, 42 na 49. Majibu yalikuwa 0.5, 0.7, 0.6 na 0.4 ng/mL. Ya mwisho ilikuwa tarehe 12 Julai, na damu ikaja tarehe 20, siku nane baadaye. Hiyo sasa ndiyo iliyopatia dirisha lake. Kama yai lingetoka, namba ingezidi 3 ng/mL bila shaka. Haikuzidi, kwa hiyo damu ya 20 Julai ilikuja bila yai.

Angalizo moja kuhusu vipimio, maana limenichosha. Maabara nyingine huandika ng/mL, nyingine nmol/L, na 1 ng/mL ni sawa na 3.18 nmol/L. Namba 9.5 ikiwa ng/mL inaonyesha yai lilitoka. Ikiwa nmol/L, ni 3 tu kwa kipimio kingine, nayo iko mpakani. Karatasi isiyo na kipimio irudishe dirishani ikaandikwe.

Vile vijiti vya mkojo vya duka la dawa vinavyotafuta LH kabla ya yai kutoka sivipendekezi kwa mwenye PCOS. LH yake iko juu muda wote, kwa hiyo kijiti kinaweza kuonyesha mistari miwili wiki nzima na yai halijasogea.

Hatua ya tano: kusoma altrasaundi yako mwenyewe

Ripoti nyingi huandika "PCO" au "multiple cysts" na kuishia hapo. Haitoshi. Ripoti nzuri inataja idadi ya vifuko vya milimita 2 hadi 9 kwa kila ovari, na vipimo vitatu vya ovari. Kwa mashine ya kisasa inayoingizwa ukeni, vifuko 20 au zaidi kwenye ovari moja ndiyo alama. Kwa mashine ya juu ya tumbo, ambayo ndiyo wengi wetu hukutana nayo, kuhesabu vifuko si rahisi, basi hutegemewa ukubwa: ovari ya mililita 10 au zaidi.

Kama ukubwa haukuandikwa lakini vipimo vipo kwa sentimita, hesabu mwenyewe:

```
urefu x upana x kina x 0.523 = mililita
4.2 x 2.6 x 2.5 x 0.523 = 14.3
```

Hiyo ilikuwa ovari ya kulia ya dada yetu. Ya kushoto ilikuwa 3.8 kwa 2.5 kwa 2.4, karibu mililita 12. Lakini hesabu hii inaharibika ikiwa ndani ya ovari kuna kifuko kilichozidi milimita 10 au tezi ya njano iliyobaki baada ya yai kutoka, kwani hicho ndicho kinachoivimbisha. Hapo altrasaundi hurudiwa mzunguko mwingine.

Kwa msichana ambaye haijapita miaka minane tangu avunje ungo, altrasaundi isitumike kutafuta PCOS kabisa. Ovari za umri huo hujaa vifuko kwa asili yake.

Hatua ya sita: sukari

Insulini ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mwanamke huyu anajiandaa kubeba mimba, wakati ambao sukari hupanda kirahisi. Kipimo kinachofaa ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi. Unakuja asubuhi bila kula wala kunywa chai tangu usiku, unatolewa damu, unakunywa, unakaa saa mbili bila kutembeatembea, unatolewa tena. Baada ya saa mbili, kuanzia 7.8 mmol/L sukari imeanza kuyumba, na kuanzia 11.1 ni kisukari.

Dada yetu alikuwa na 5.2 kabla ya kunywa, na 8.6 baada ya saa mbili. Kama tungepima ya asubuhi peke yake tungempongeza na kumrudisha nyumbani.

Hatua ya saba: mume, halafu mirija

Mume apimwe mapema, si baada ya mke kumaliza vipimo vyote. Kupata PCOS kwa mke hakumfanyi mume awe mzima. Akae siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Mume wa dada yetu, dereva wa bodaboda, alitolea sampuli nyumbani, mke akaibeba kwenye pochi, daladala ikasubiri abiria. Ilifika baada ya saa mbili, na mbegu zinazotembea zilikuwa asilimia 12. Kaka wa watu alikaa siku tatu bila kula vizuri. Alirudia kwenye chumba cha pale pale hospitalini na kupata asilimia 48, idadi milioni 34 kwa mililita. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni asilimia 42 na milioni 16.

Picha ya mirija, ile ya kuweka dawa kizazini na kupiga eksirei, hupigwa baada ya damu kukata na kabla yai halijatoka, mimba ikiwa imeondolewa shaka. Nani aipige mapema? Aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, aliyewahi kupasuliwa tumbo, aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi. Asiye na historia hiyo, na ambaye tatizo la yai liko wazi, daktari anaweza kuanza na dawa ya yai na kuiacha picha kwa baadaye kidogo. Daktari wa dada yetu aliamua hivyo.

Baada ya jibu

Tulimwandalia faili moja: tarehe za hedhi, vipimo vya homoni, ripoti ya ovari, sukari, na karatasi ya mume. Akaenda nalo kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa. Ukitokea zahanati au kituo cha afya fanya hivyohivyo. Daktari anayeanza na faili tupu ataanza na altrasaundi nyingine.

Septemba siku zake hazikuja. Alipima mimba, hakuna. Daktari akampa vidonge vya medroksiprojesteroni miligramu 10 kwa siku saba ili ukuta wa kizazi utoke, na damu ikaja tarehe 25. Jambo hili lina maana hata kwa asiyetafuta mtoto: ukuta unaolishwa estrojeni peke yake miezi mingi unaweza kuharibika, kwa hiyo anayepitisha siku 90 bila hedhi asikae tu. Tarehe 27 alianza letrozo miligramu 2.5 kwa siku tano. Dawa hii hushusha estrojeni kwa muda mfupi ili ubongo uongeze FSH, yaani inakwenda moja kwa moja pale ambapo safari ilikwama. Haianzwi bila kuhakikisha hakuna mimba, na hainunuliwi kwa ushauri wa jirani. Kwa upande wa sukari alipunguza soda na chapati za kila asubuhi, na akaanza kutembea kwenda kwenye cherehani yake badala ya kupanda bodaboda ya mumewe, jambo ambalo mume alilichukulia kama dharau mpaka alipoelezwa.

Altrasaundi ya tarehe 6 Oktoba ilionyesha kifuko kimoja cha milimita 13 upande wa kulia, kimewaacha wenzake. Tarehe 9 kilikuwa na milimita 19. Safari hii siku ya projesteroni tulihesabu kutoka kwenye kifuko, si kutoka kwenye kalenda ya ukutani: wiki moja hivi baada ya yai kutarajiwa kutoka, tarehe 17, siku ya 23. Jibu lilikuwa 11.2 ng/mL.

Mimba haikuingia mwezi ule. Tarehe 25 Oktoba asubuhi alinitumia picha ya kalenda ya simu yake, tarehe mbili zimezungushiwa duara, na chini yake ameandika: "Nesi, siku 30. Sijawahi." Jioni yake alipita kuchukua karatasi ya letrozo ya mzunguko wa pili.